Kemba hasi: kwa nini gari iliyoshushwa inakula tairi kwa ndani

Ile gari imelala chini halafu tairi za nyuma zimekaa kama mtu aliyetanua miguu, juu zimeingia ndani ya bodi, chini zimetoka nje, huo mwinamo ndo unaitwa kemba hasi. Unapimwa kwa digrii. Ukishusha gari, kwenye gari nyingi tairi linainama lenyewe hata kama hukutaka, na wengine wanaongeza makusudi ili rimu pana iingie chini ya fenda.

Sasa tuseme sehemu ya tairi inayokanyaga barabara ina upana wa milimita 180. Kwa digrii 1 ukingo wa ndani unakuwa chini kuliko wa nje kwa kama milimita 3 tu, mpira unabonyea na uzito wa gari maisha yanaendelea. Kwa digrii 5 tofauti ni kama milimita 16, hapo upande wa nje unakaribia kuelea na mzigo mwingi umebebwa na ukingo wa ndani.

Lakini kemba peke yake inakula polepole, na hapa ndo wengi wanakosea. Muuaji mwenyewe ni tou, yaani tairi limeelekea wapi ukiliangalia kutoka juu, maana ukishusha gari bila kurudi kwenye alaimenti tou nayo mara nyingi inahama. Tairi likipinda digrii 0.3 tu pembeni, kila kilomita moja linaburuzwa kama mita 5 kwa upande, kama kifutio kwenye karatasi, na kwa vile kemba imeshaweka mzigo ndani basi kinachofutika ni ukingo wa ndani.

Ubaya wake huwezi kuona ukiwa umesimama. Nje kashata zimejaa, tairi kama jipya, ndani kipara na nyaya zimeanza kuchungulia. Za mbele kata usukani mpaka mwisho uchungulie, za nyuma piga jeki upitishe mkono (taratibu, nyaya zinachana). Ukisikia kingo za kashata zina makali kama msumeno ukipapasa upande mmoja halafu ukirudisha ziko laini, hiyo ni tou.

Mimi ningeishia kwenye hasi 2 na tou karibu na sifuri, gari bado inapendeza na tairi linaisha bila maajabu. Ukitaka 5 au zaidi sawa, ila breki itakuwa inashika kwa kipande kidogo cha mpira, na tairi utakuwa unageuza kwenye rimu, wa ndani uje nje, kabla halijafika kipara. Lenye mshale wa mzunguko ukiligeuza lihamishie upande wa pili wa gari ili mshale ubaki sawa, lakini lile lililoandikwa OUTSIDE ubavuni halina ujanja, haligeuzwi.