Ratiba ya Zamu Ioneshe Mwalimu Anasimama Wapi

Katika shule nyingi za msingi za Lindi na Mtwara, ratiba ya zamu utaikuta imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya walimu: wiki ya kwanza majina mawili, wiki ya pili majina mawili, hadi muhula uishe. Kwa kazi ya mstari wa asubuhi, usafi na kengele, ratiba hiyo inatosha. Kasoro yake huonekana kengele ya mapumziko inapolia, maana watoto hutawanyika sehemu tatu kwa mpigo na karatasi haisemi nani yuko wapi.

Oktoba moja nilikuwa kwenye kazi ya uthibiti ubora katika shule iliyozungukwa na mikorosho. Ilikuwa mapumziko ya uji, saa 4:10 hivi asubuhi. Mvulana wa darasa la tatu alipenya nyuma ya jiko, akasukuma korosho nne kwa kijiti hadi kwenye makaa chini ya sufuria, akachuchumaa kuzisubiri. Wenyeji wa huku wanajua kwamba ganda la korosho mbichi lina mafuta makali, yanashika moto haraka na kuruka. Yalimrukia mkono wa kulia, kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko. Mpishi alikuwa upande wa pili akiwagawia wenzake uji. Mwalimu mmoja wa zamu alikuwa vyooni anaamua ugomvi, na wa pili alikuwa bado darasani kwa sababu kipindi chake cha hisabati kilikuwa kimepitiliza. Tulimmwagia mtoto maji safi taratibu kwa dakika 20, kisha akapelekwa zahanati. Mwalimu mwingine alikuwa ameshaleta dawa ya meno, tukamzuia, kwani inaongeza muwasho na kumficha mganga kidonda.

Nilipowauliza walimu wale wawili, sikuona mzembe kati yao. Kila mmoja alikuwa anafanya kazi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amepangiwa jiko.

Kwa hiyo, mwalimu mkuu anayetaka kupanga zamu aanze na miguu kabla ya kalamu. Azunguke eneo la shule wakati wa mapumziko, aone watoto wanajazana wapi. Mara nyingi atapata sehemu tatu: jikoni na kwenye foleni ya chakula, vyooni na penye maji, kisha uwanjani hadi upande wa barabara. Kila sehemu itafutiwe mahali pa kusimama panapoona mbali. Vyooni, kwa mfano, mwalimu anasimama anapoona milango yote na njia ya kuingilia bila kuingia ndani, na upande wa wasichana ni vizuri awe mwalimu wa kike. Ugomvi na uonevu mwingi huanzia huko, kwa sababu watoto wanajua hakuna anayewaona.

Sasa tuchukue shule yenye walimu tisa, pamoja na mwalimu mkuu. Siku ina nyakati tatu za kusimamia: uji, chakula cha mchana na kutoka. Sehemu tatu mara nyakati tatu ni zamu 9 kwa siku, yaani 45 kwa wiki. Mwalimu mkuu tumweke akiba. Wanabaki wanane: watano wanachukua zamu sita sita, watatu wanachukua tano tano, na wiki inayofuata wanabadilishana. Mwalimu aliyezoea kubeba wiki nzima yeye na mwenzake mmoja tu ataona amepata mzigo mdogo zaidi kwa mara moja, ingawa unamjia kila wiki. Wengine watanung'unika mwanzoni. Waelezwe hesabu hii ubaoni, wala isiletwe kama amri.

Ugumu wenyewe uko kwenye dakika. Mwalimu wa sehemu anatakiwa afike kabla ya watoto, na hawezi kufika kabla yao ikiwa yuko darasani hadi kengele ilie. Ndiyo maana ratiba ya zamu ipangwe ikiwa imelazwa pembeni ya ratiba ya vipindi. Zamu ya jiko saa 4:00 apewe mwalimu asiye na kipindi kabla yake. Ikishindikana, amalize dakika tano mapema na kuwaachia wanafunzi kazi ya kunakili, darasa likiwa chini ya macho ya mwalimu wa chumba cha jirani. Nikitaka kujua kama ratiba ya shule inafanya kazi, huwa nasimama jikoni kengele ikilia na kuangalia saa mpaka mtu mzima wa pili, mbali na mpishi, atokee.

Walimu wakikosekana wawili, labda mmoja mgonjwa na mwingine yuko semina, wasibaki wachache wakakimbizana kote. Funga sehemu moja. Uwanja ndio unaofungwa kwanza: watoto wanabaki kwenye kivuli cha mbele ya madarasa, mpira unabaki ofisini. Jiko halifungwi kamwe watoto wakiwa wanakula. Hapo jikoni weka madawati kama uzio, hatua nne au tano kutoka kwenye moto, na sufuria la uji au makande likishaanza kugawiwa lisihamishwe hadi foleni iishe. Madarasa ya chini yatangulie. Viranja wanaweza kunyoosha foleni na kukimbia kumwita mwalimu, lakini wasiwekwe karibu na moto wala barabarani, kwa kuwa nao ni watoto.

Kuna pengo jingine ambalo ratiba nyingi hazilioni kabisa. Darasa la kwanza na la pili humaliza masomo mapema, lakini wengi wao hawaondoki. Wanamsubiri dada au kaka aliye darasa la tano, chini ya mkorosho au mwembe, saa mbili au tatu nzima. Msimu wa korosho, mzazi yuko shambani na nyumbani hakuna mtu, hivyo idadi yao inaongezeka. Mwalimu wa darasa aandike orodha ya wanaosubiri, na kila kipindi jina la mwalimu mmoja asiyefundisha liandikwe kuwasimamia, wakiwa kwenye baraza moja inayojulikana. Mtoto anayeondoka na mtu mwingine asiye ndugu yake wa siku zote, mwalimu apate kwanza neno la mzazi.

Wakati wa kutoka, shule iliyo kando ya lami itoe madarasa kwa mafungu, dakika tano kati ya fungu na fungu, na mwalimu avushe kila fungu kwa pamoja mahali ambapo magari yanaonekana kutoka mbali, si penye kona. Zamu ya lango inaisha mtoto wa mwisho akiondoka. Ijumaa, kwa sababu ya swala, watoto wengi huondoka kabla ya chakula, kwa hiyo mwalimu wa lango siku hiyo awahi na wa jiko ahesabu upya waliobaki. Ramadhani sehemu ya jiko hupungua watu, na mwalimu wake ahamie kivulini, ambako waliofunga wanakaa wamechoka kwa jua la mchana.

Mwisho wa siku kila mwalimu anaandika mstari mmoja kwenye daftari la zamu, ukitaja sehemu na saa. Mfano: "Jumatano, saa 4:00, jikoni. Nilifika 3:56. Wawili wa darasa la nne walikutwa na korosho mfukoni, zimechukuliwa. Dawati la uzio limevunjika mguu." Mwalimu mkuu akisoma mistari ya wiki tatu na kukuta jiko limetajwa mara nyingi kuliko vyoo, anajua wiki ya nne aongeze mtu wapi.