Ganzi ya mikono usiku: anza kwa kukigusa kidole cha mwisho

Saa nane usiku mtu anaamka mkono umekufa ganzi, vidole vinachonyota kama vinachomwa na sindano ndogondogo. Anakaa kitandani, anaukung'uta mkono kama anayekung'uta maji baada ya kunawa, na baada ya dakika chache unarudi kawaida. Asubuhi anapita duka la dawa, anasema ana tatizo la mishipa, anaondoka na vidonge vya vitamini B. Mwezi ukiisha anarudi kununua vingine.

Wengi wanaokuja kliniki na malalamiko haya wameshatumia vidonge hivyo kwa miezi. Baadhi kweli wana upungufu wa vitamini. Lakini ganzi inayomwamsha mtu usiku ikatulia kwa kuukung'uta mkono, mara nyingi chanzo chake ni kubanwa kwa neva kwenye kifundo cha mkono, hali ambayo wataalamu huiita kapo tanel. Hapo vitamini haina kazi, kwa kuwa neva haikukosa chakula, imekosa nafasi.

Tazama kifundo chako upande wa kiganja. Chini ya ngozi kuna njia nyembamba: sakafu yake na kuta zake ni mifupa midogo, na paa lake ni utepe mgumu usiovutika. Ndani ya njia hiyo hupita kano tisa zinazokunja vidole, na katikati yao neva moja. Kano zikivimba kidogo au maji yakizidi mwilini, paa halipandi, kwa hiyo anayeumia ni yule laini kuliko wote, yaani neva. Usiku mambo huwa mabaya zaidi kwa sababu wengi hulala wamekunja vifundo, mkono umeingizwa chini ya shavu au mto, na kukunja huko kunapunguza nafasi. Tena, ukilala, maji yaliyokuwa yameshuka miguuni mchana husambaa upya mwilini. Mchana ganzi hiyohiyo hujitokeza mtu anaposhika simu muda mrefu, anaposhikilia bomba la daladala au kukamata mpini wa bodaboda.

Neva hiyo ina mipaka yake, nayo ndiyo inayotusaidia. Inahudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu tu ya kidole cha pete, ule upande unaotazama kidole cha kati. Kidole cha mwisho hakimo. Kwa hiyo usiku ukiamka na ganzi, kabla hujaukung'uta mkono, chukua kipande cha pamba ukipitishe kwenye ncha ya kila kidole, ukimalizia na kidole cha mwisho. Kisha gusa kidole cha pete pande zote mbili. Ikiwa upande mmoja unahisi vizuri na mwingine umefifia, jibu liko karibu sana, maana ni vigumu ugonjwa wa mwili mzima ukagawanya kidole kimoja katikati. Wapo wanaosema mkono wote umekufa ganzi. Wakigusa kwa pamba, mara nyingi wanagundua kwamba kidole cha mwisho kilikuwa kizima muda wote.

Kipimo cha pili ni cha mchana. Kaa, weka viwiko mezani, acha viganja vianguke vyenyewe kuelekea chini vifundo vikiwa vimekunjwa, usivilazimishe. Hesabu sekunde 60. Ganzi ikija kwenye vidole vilevile, dalili inazidi kuelekea kwenye kifundo. Isipokuja, hilo peke yake haliondoi ugonjwa, kwani kipimo hiki hukosea pande zote mbili.

Tuchukue mfano wa mama lishe wa miaka 46. Kila alfajiri anakanda unga wa chapati, mchana anakoroga sufuria kubwa. Kwa miezi mitano mikono yote miwili inamwamsha, wa kulia zaidi, na muda wote huo ametumia vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Pamba inaonyesha vidole vitatu na nusu vimefifia, kidole cha mwisho ni kizima. Akikunja vifundo, ganzi inakuja kabla ya sekunde 30. Nyama iliyo chini ya kidole gumba bado imejaa. Miguu yake haina ganzi. Hadi hapo picha ni ya kifundo. Swali linalobaki ni kwa nini mikono yote miwili, na kwa sababu hiyo tunapima sukari na homoni ya tezi ya shingo. Sukari yake kabla ya kula inatoka milimoli 9.4 kwa lita, na inaporudiwa siku nyingine bado iko juu ya 7. Ana kisukari asichokijua. Kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, baridi yabisi ya viungo na ujauzito vyote huongeza uwezekano wa neva kubanwa kwenye kifundo. Kwa mjamzito, mara nyingi hali hutulia baada ya kujifungua.

Kilichotuzuia kusema "hii ni ganzi ya sukari" au "ni vitamini" ni miguu yake. Magonjwa yanayodhuru neva za mwili mzima huanzia mbali, kwenye neva ndefu kuliko zote, nazo zinaishia kwenye vidole vya miguu. Ganzi huanza kwenye nyayo, miguu yote miwili kwa usawa, hupanda kama soksi, na kwa kawaida ikikaribia magoti ndipo ncha za vidole vya mikono nazo huanza. Hapo huwa ni vidole vyote, kidole cha mwisho kikiwemo, na kukung'uta mkono hakusaidii. Mtu anayekuja na ganzi ya mikono tunamvua viatu kwanza.

Upungufu wa vitamini B12 kwa kawaida hufuata njia hiyo ya miguuni, ila una tabia zake. Unaweza kugusa uti wa mgongo, na wakati mwingine mikono huanza mapema. Mtu anayumba gizani au anapofumba macho akinawa uso, ulimi unauma na kuwa laini, anachoka, pengine damu imepungua. Walio katika hatari ni wasiokula nyama, samaki, mayai wala maziwa kwa miaka, waliokatwa sehemu ya tumbo, wazee ambao tumbo halinyonyi vizuri, na wanaotumia metformini ya kisukari kwa muda mrefu. Mama lishe wetu, akianza metformini, baada ya miaka kadhaa naye ataingia kundi hili.

Kosa linaloharibu uchunguzi ni kuchoma sindano ya B12 kwanza na kupima baadaye. Sindano hupandisha kiwango kwenye damu, na kipimo kitasema uko sawa. Damu itolewe kwanza. Upungufu ukithibitika na neva zimeguswa, vidonge vya kawaida vya dukani havitoshi: hutolewa sindano za mikrogramu 1,000 kwa ratiba ya daktari, za karibukaribu mwanzoni. Usimeze asidi ya foliki peke yake ukidhani ni kitu kilekile. Inaweza kurekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika kimyakimya.

B6 nayo ni habari ya kushangaza kidogo. Ikipungua huleta ganzi, na ndiyo maana wanaotumia isoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu hupewa B6 pamoja na dawa hiyo. Ikizidi pia huleta ganzi. Mwili unahitaji chini ya miligramu 2 kwa siku au zaidi ya hapo kidogo tu, ilhali kidonge kimoja cha mchanganyiko wa "mishipa" kinaweza kuwa na miligramu 100 hadi 200. Anayemeza viwili kwa siku mwaka mzima anaweza kujiletea ganzi ya miguu na mikono kwa dawa aliyoinunua kuiondoa. Soma nyuma ya pakiti, penye neno piridoksini.

Kama pamba inaonyesha kinyume, yaani kidole cha mwisho na nusu ya jirani yake ndivyo vyenye ganzi, neva inayobanwa ni nyingine, ile ya kwenye kiwiko. Wanaolala wamekunja viwiko sana huipata, na taulo lililozungushwa kiwikoni usiku ili kisikunjike husaidia. Lakini kwetu hapa lazima pia tuikague ngozi: baka lililofifia lisilohisi mguso, pamoja na neva iliyonenepa kama kamba nyuma ya kiwiko, ni ukoma hadi ithibitike vinginevyo. Dawa zake hutolewa bure, na kuchelewa ndiko kunakopinda vidole. Ganzi inayoshuka kutoka shingoni ikiambatana na maumivu ya bega, ikizidi unapogeuza shingo, inatafutwa shingoni.

Turudi kwenye kifundo. Tiba ya kwanza ni banzi, au splinti kama inavyoitwa madukani, inayovaliwa usiku kwa angalau wiki sita. Kifundo kiwe kimenyooka kabisa. Nyingi zinazouzwa zina bamba la chuma lililokunjwa kupeleka kiganja nyuma, na hapo ndipo wengi wanaposhindwa: wanavaa, hawaponi, wanaiacha. Chomoa bamba, linyooshe, lirudishe. Vidole viweze kukunjika ngumi, na mkanda usikaze hadi ukaacha alama. Kwa mama lishe, banzi la usiku liende pamoja na kukanda unga kwa mafungu madogo na kupumzisha mikono kati yake. Wiki ya sita akiwa anaamka mara moja kwa wiki badala ya kila usiku, anaendelea hivyohivyo.

Asipopata nafuu, ipo sindano ya steroidi inayochomwa kwenye njia ile. Husaidia wengi kwa wiki au miezi, lakini kwa mwenye kisukari sukari hupanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo apime nyumbani. Upasuaji ni kukata ule utepe wa juu ili njia ipanuke, kwa dawa ya ganzi ya sehemu hiyo tu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kuamka usiku mara nyingi hukoma mapema, ila nguvu za kushika hurudi taratibu, kwa miezi.

Kinachoamua haraka ya upasuaji ni nyama ya chini ya kidole gumba. Weka viganja viwili sambamba kwenye mwanga uvilinganishe. Ikiwa upande mmoja umebonyea, au vikombe vinakuponyoka na kufunga vifungo vya shati kumekuwa kazi, au ganzi haiondoki hata mchana, usianze na banzi peke yake. Nenda hospitali yenye daktari wa mifupa au wa neva ndani ya wiki chache. Nyama iliyokwisha kupungua inaweza isirudi hata utepe ukikatwa vizuri. Na ganzi iliyokuja ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, hiyo si ya kifundo wala ya vitamini: ni kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyohiyo bila kungoja kuona kama itatulia.