Msimbo wa tiketi usioghushika ni nini?

Kile kimraba cha QR kwenye tiketi hakina siri yoyote ndani yake. Ni maandishi yaliyochorwa kwa vidoa vyeusi na vyeupe, na simu yoyote inaweza kuyasoma na kuyachora upya yakatoka yaleyale. Kwa hiyo tunaposema tiketi haighushiki, hatuzungumzii mchoro. Tunazungumzia namba iliyo ndani yake, na kile ambacho geti linafanya baada ya kuisoma.

Mlaghai ana njia mbili. Anaweza kutunga namba ambayo haijauzwa kwake, au akanakili namba halali ya mtu mwingine. Dawa ya njia ya kwanza haitibu ya pili, na waandaaji wengi huishia kwenye ile ya kwanza.

Tuanze na kutunga. Tiketi zikipewa namba za kufuatana, aliyenunua 0417 anajua bila kuambiwa kwamba 0418 ipo. Anachapisha QR yake, kazi imekwisha. Dawa ni namba za nasibu, ndefu kiasi cha kutobahatishika. Chukua msimbo wa herufi 10 kama K7QM2XRT9B, kila nafasi ikichaguliwa kati ya alama 32 (tarakimu zote, pamoja na alfabeti bila I, L, O na U ili kupunguza mkanganyiko wa macho). Misimbo inayowezekana inazidi trilioni 1,125. Ukiuza tiketi 5,000, anayebahatisha mara moja ana nafasi moja kati ya takribani bilioni 225. Ila nasibu yenyewe iwe ya kiusalama: kwenye Python, kwa mfano, tumia `secrets`, si `random`, kwa kuwa mfuatano wa `random` unaweza kutabirika kwa mtu aliyeona matokeo yake ya kutosha.

Sasa kunakili. Mwenye K7QM2XRT9B ameituma picha ya tiketi yake kwenye kundi la marafiki, na mmoja wao akaiuza. Nakala hiyo ni halali kwa kila kipimo, maana namba ipo na imelipiwa. Kinachoweza kuizuia ni kumbukumbu ya geti tu: msimbo ukishaingiza mtu mmoja, umekufa.

Hapa ndipo programu nyingi huteleza. Zinauliza kwanza hifadhidata kama tiketi imetumika, zikijibiwa hapana, ndipo zinaandika kwamba imetumika. Geti A na geti B wakiskani ndani ya sekunde ileile, wote wawili wanaweza kujibiwa hapana kabla hata mmoja hajaandika, na watu wawili wanapita. Kuuliza na kuandika kuwe tendo moja:

```
UPDATE tiketi
SET ilitumika = NOW(), geti = 'B'
WHERE msimbo = 'K7QM2XRT9B'
  AND ilitumika IS NULL;
```

Kisha angalia ni safu ngapi zimebadilika. Ikiwa ni 1, fungua. Ikiwa ni 0, ama msimbo haupo, ama umeshatumika, na mlinzi aonyeshwe ni lipi kati ya hayo. Usimwandikie "batili" tu. Akiona "imetumika sekunde 8 zilizopita, geti B", na yeye yuko geti B, huenda ameskani mara mbili mwenyewe. Akiona "imetumika dakika 40 zilizopita, geti A", ana nakala mkononi. Na geti moja likitoa "haipo" mfululizo kwa misimbo tofauti, kuna anayebahatisha au kuna muuzaji wa tiketi za kutunga huko nje.

Kumbukumbu hiyo lazima iwe moja kwa mageti yote. Intaneti ikikatika na kila skana ikabaki na orodha yake, nakala moja inaweza kupita mara moja kila geti. Njia rahisi ya kujikinga ni kuifunga kila tiketi na geti lake tangu inapouzwa, ili orodha ya geti A isiwe na tiketi za geti B hata kidogo.

Kuna jambo kumbukumbu hii hailijui: nani ndiye mwenye tiketi. Inamkubali aliyefika kwanza, na akiwahi mwenye nakala, mnunuzi halisi ndiye anayegeuka mlaghai mbele ya foleni. Ndiyo maana mlinzi anahitaji jina la mnunuzi kando ya msimbo. Na ndiyo maana baadhi ya programu za tiketi hubadilisha QR kila baada ya muda mfupi, sekunde 30 kwa mfano, kwa kuchanganya siri iliyo ndani ya simu na saa ya wakati huo. Picha ya skrini iliyotumwa asubuhi haifai kitu jioni. Tiketi ya karatasi haiwezi kufanya hivyo, na simu ambayo saa yake si sahihi itakataliwa ingawa mwenyewe amelipa.