Je, wajua? Raba ndefu haishiki enka iliyoteguka kama unavyodhani

"Kaka, niliteguka enka kwenye basketi wiki tatu zilizopita, sa hivi natembea fresh tu, afu nimepata raba ndefu za mtumba pale Mwanga, Kigoma. Nikizikaza kamba vizuri naweza kucheza Jumamosi?"

Jumamosi sidhani, na hata ukiweza haitakuwa kwa sababu ya hizo raba.

Hebu shika ule mfupa unaojitokeza upande wa nje wa kifundo chako. Mbele yake kidogo, kwa chini, kuna kano fupi inayoushikilia kwenye mfupa uliopo katikati ya kifundo, na hiyo ndo inayochanika kwanza mtu anapotua juu ya mguu wa mwenzake na unyayo ukageukia ndani. Tukio lenyewe linaisha ndani ya kipande kidogo sana cha sekunde, yani msuli wa pembeni ya mguu unaanza kuvuta wakati mguu umeshalala. Kwa hiyo kinachokuokoa ni kimoja kati ya viwili, ama msuli uwe umeshakaza kabla hujatua, ama kuna kitu kigumu kinachozuia mguu usilale.

Sasa chukua hiyo raba yako ndefu, minya shingo yake kwa kidole gumba pale juu ya kifundo. Imeingia ndani si ndio? Ni sponji na kitambaa hicho. Kitu kinachoingia kwa kidole gumba hakiwezi kumzuia mtu wa kilo sabini anayeshuka kutoka ribaundi. Sisemi haifanyi kitu kabisa, maana vipimo vya maabara vingine vinaonyesha shingo ndefu inapunguza kidogo ule mgeuko, ila vingine vimeona misuli ya pembeni inachelewa kukaza mtu akivaa ndefu, ni kama mguu umeshaambiwa tulia umeshikwa. Ukipata huku unapoteza kule.

Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1993 ambao mimi huwa nawatajia vijana wakianza ubishi wa raba. Walichukua wachezaji wa basketi wa chuo 622, wengine wakapewa raba fupi, wengine ndefu, wengine ndefu zenye vifuko vya kujaza upepo. Walioumia enka walikuwa 15 tu, saba wa ndefu, wanne wa fupi, wanne wa zile za upepo, na hesabu haikuonyesha tofauti ya maana kati ya makundi. Kumi na tano ni wachache, sawa, huwezi kuapa kwa hiyo, ila kama raba ndefu ingekuwa na ile nguvu tunayoipa vijiweni ungeiona hata hapo.

Sapoti ya kuvaa kifundoni ni habari nyingine. Mwaka 2011 kwenye shule za sekondari za jimbo la Wisconsin, hukohuko Marekani, wachezaji wa basketi 1,460 walifuatiliwa msimu mzima, nusu wakivaa sapoti za kufunga kwa kamba, na waliovaa waliumia enka kama theluthi tu ya wenzao. Na ilisaidia walioumia zamani na ambao hawajawahi kuumia. Kitu kimoja haikufanya, wale walioumia wakiwa wameivaa walikaa nje muda uleule kama wengine, yani inapunguza kuteguka ila ukiteguka umeteguka.

Nazungumzia sapoti ya turubai gumu yenye kamba mbele kama buti, afu mikanda miwili inayozunguka kwa kupishana kama namba nane na kunata pembeni. Sio ile soksi ya mpira inayovutwa tu kama kondomu ya kiazi (samahani lakini ndo ilivyo), ile inakupa joto na kukukumbusha mguu upo, haizuii kitu.

Haya, sasa lini. Hapa watu wengi wanakosea kwa sababu wanasikiliza maumivu, na maumivu yanawahi kuondoka, kano inachelewa. Mteguko mdogo mtu anaweza kurudi wiki moja au mbili, wa katikati wiki tatu mpaka sita, kano ikikatika kabisa ni miezi. Lakini ukipima ulegevu wa kifundo chenyewe, kwa wengi hauanzi kupungua vizuri mpaka wiki ya sita hadi mwezi wa tatu, na wapo wanaobaki na ulegevu hata mwaka. Ndo maana mtu anakuwa fresh kabisa kutembea kutoka stesheni ya treni mpaka Mwanga, mlima wote ule, afu akikata kona moja uwanjani analala. Kutembea hakuulizi kano hiyo maswali magumu.

Nikupe mfano. Tulikuwa na dogo wa Gungu, gadi, alitua vibaya kwenye kiwanja cha saruji ambacho ukingo wake umemomonyoka. Siku ileile tulimwangalia mambo mawili, kubonyeza ncha na nyuma ya mifupa ya kifundo pande zote mbili pamoja na mifupa ya unyayo, ule wa pembeni nyuma ya kidole kidogo na ule wa ndani juu ya upinde, na kumwambia apige hatua nne. Mfupa ukiuma ukibonyezwa, au hatua nne hazipigiki, hiyo ni hospitali ikapigwe eksirei, habari ya raba unaiweka pembeni. Yeye alipiga hatua kwa kuchechemea na mfupa haukuuma, kilichouma ni pale kwenye nyama mbele ya kifundo. Bibi yake alitaka kumchua na mafuta ya mawese ya moto usiku uleule, tukamuomba kwa heshima aache kwanza, maana kuuchua mguu unaoendelea kuvuja ndani ni kuuongezea uvimbe. Siku za mwanzo akawa anavaa raba ya kawaida ya kufunga kamba, sio ndala, kwa sababu ukivaa ndala unalazimika kuing'ang'ania kwa vidole na kisigino kinaelea tu, na njia zetu unazijua, mawe na mifereji ya mvua.

Wiki ya tatu akaja kama wewe, kashika raba ndefu mkononi. Nikamwambia zivue, simama pekupeku ukutani. Kipimo chenyewe ni rahisi, unaweka unyayo ukielekea ukuta, unakunja goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, unarudi nyuma kidogokidogo mpaka mahali pa mwisho ambapo goti bado linagusa, halafu unapima kwa rula kutoka kidole gumba mpaka ukutani. Mguu mzima wake ulisoma sentimita 11, mbovu 7. Tofauti ya sentimita nne ni kubwa, maana yake kifundo hakikunji vizuri na akitua atatua na kisigino kikiwa juu, na mkao huohuo ndo unaotegusha. Mimi nataka tofauti isizidi mbili, ikikaribia moja ndo nzuri.

Afu kuruka kwa mguu mmoja mara tatu mfululizo kwenda mbele, unapima umbali. Mguu mzima mita 5.4, mbovu 4.5, yani asilimia 83. Tunachotafuta ni angalau 90, kwake ilikuwa afike kama mita 4.9. Alivyosimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa hakufika hata sekunde kumi, akawa anapiga mikono kama anafukuza nyuki, wakati mguu mwingine alikaa vizuri tu. Hiyo inatokea kwa sababu ndani ya kano kuna vihisio vinavyoiambia akili mguu umekaaje, na vilijeruhiwa pamoja na kano.

Kwa nini pekupeku? Kwa sababu ukipima ndani ya raba na sapoti unapima vifaa, hujapima mguu. Vifaa vinakuja juu ya mguu uliofaulu.

Akarudi kwenye mazoezi, kunyanyuka kwa vidole vya mguu mmoja mpaka afikishe ishirini bila kuyumba, kusimama mguu mmoja huku anapasiwa mpira, kila siku. Wiki ya tano goti likasoma 10 na nusu, kuruka mita 5.0, hiyo ni asilimia 93. Hapo ndo tukafunga sapoti, akaanza kukimbia moja kwa moja, siku mbili baadaye kuzunguka namba nane, kisha kukata kona kwa kasi, mwisho kuruka na kutua kwenye msongamano. Kila hatua tulisubiri kesho yake asubuhi, kifundo kikiamka kimevimba au kimekaza anarudi hatua moja. Wiki ya saba ndo akacheza gemu, dakika kumi tu.

Kuhusu kuivaa, soksi ndefu nyembamba kwanza, kaa kisigino kikiwa kimezama kabisa na kifundo kimekunjwa kona ya tisini, kaza kamba kuanzia chini kwenda juu, ndo mikanda ifuate. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi umekaza kupita kiasi. Sapoti inakula nafasi, kwa hiyo raba iliyokuwa inakubana tangu mwanzo haitaingia, jaribu kutoa soli ya ndani au tafuta iliyozidi kidogo. Na hapa raba fupi inaishinda ndefu, shingo ndefu inagombana na sapoti na kamba za juu hazifungi. Wa mpira wa miguu wenye daluga fupi wasiogope, sapoti inakaa humo.

Ila hizo zako za mtumba nataka uziangalie kabla ya kuzitumia hata mazoezini. Ziweke mezani, chuchumaa uzitazame kwa nyuma. Kama kisigino kimelalia nje, mwenye nazo wa kwanza alishazikunja na wewe utakanyaga ukiwa umeshageuzwa nusu. Minya ile kuta ya nyuma ya kisigino, ikilegea kama karatasi ziache. Na kama zina kisigino kinene chenye mfuko wa hewa, kaa nazo mbali kwa sasa, utafiti mmoja wa Australia kwa wachezaji wa basketi ulikuta wenye raba za hivyo wanaumia enka zaidi ya mara nne kuliko wengine.

Sapoti vaa kila mazoezi na kila gemu kwa miezi sita angalau, mimi nawaambia wafike mwaka. Mtaani na kazini ivue, mguu ufanye kazi yake. Wanaodai itadhoofisha misuli wanachanganya kuivaa uwanjani masaa mawili na kulala nayo. Mikanda ikiacha kunata, nyingi zinachakaa kwa vumbi letu hili jekundu, mpelekee fundi cherehani abadilishe, akishashona vuta kwa nguvu mwenyewe kabla hujamlipa.

Tuma hizo sentimita zako za ukutani, miguu yote miwili, nikuambie uko wapi.