Inakuwaje kura 8 zipitishe jambo kwenye baraza la wajumbe 30?

"Je, madiwani 8 wanaweza kuamua jambo la halmashauri nzima yenye wajumbe 30, na likawa halali?"

Ndiyo, na siri iko kwenye hesabu mbili zinazofuatana. Ya kwanza ni akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwapo ili kikao kiwe halali. Katika halmashauri za Tanzania, mkutano wa kawaida wa baraza unahitaji nusu ya wajumbe wote, na mkutano mkuu wa mwaka unahitaji theluthi mbili. Kwa baraza la watu 30, nusu ni 15. Hesabu ya pili ni ya kura, nayo haiangalii tena wale 30. Inaangalia waliomo ukumbini wakapiga kura. Wakiwa 15, wingi wao unaanzia 8.

Ukumbi kujaa si hoja. Mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza, pamoja na wakuu wa idara na wananchi waliokaa nyuma, hawamo kwenye akidi wala hawapigi kura. Wanaohesabiwa ni madiwani wa kata, wa viti maalumu na wabunge ambao ni wajumbe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Asubuhi wamesaini wajumbe 17, mwenyekiti akiwa mmoja wao. Diwani mmoja anatoa hoja ya kuhamisha mnada wa mifugo. Aliileta kwa maandishi kwa mkurugenzi ndani ya muda unaotajwa na kanuni, ndiyo maana imo kwenye ajenda. Mwingine anaiunga mkono. Isipoungwa mkono, inaishia hapo hapo bila mjadala. Katikati ya mjadala diwani wa tatu anataka maneno "kuanzia Julai" yaongezwe. Hayo ni marekebisho, na ni lazima yapigiwe kura kwanza, maana wajumbe hawawezi kuamua hoja ambayo maneno yake bado hayajakaa sawa. Mabaraza mengi huchanganya hapa: kura inapigwa mara moja, kisha nusu ya waliosema ndiyo wanadhani walipitisha kuhama kwa mnada tu, bila tarehe.

Wakati huo wajumbe watatu wametoka, mmoja kupokea simu, wawili wamefuata chai. Wamebaki 14. Akidi imevunjika, hata kama daftari la mahudhurio bado lina sahihi 17. Daftari linaonyesha nani alifika; halionyeshi nani yupo saa ya kura. Mjumbe yeyote anaweza kusimama na kusema, "Mwenyekiti, utaratibu! Akidi haijatimia," na mwenyekiti anapaswa kuhesabu vichwa hapo hapo. Watu wakisubiriwa na wasirudi, kikao kinaahirishwa. Yaliyoamuliwa akidi ikiwapo yanabaki. Hoja ya mnada inasubiri.

Sasa tuseme mmoja amerudi, wakawa 15, mikono ikanyooshwa: 8 ndiyo, 7 hapana. Hoja imepita. Lakini wangerudi wawili, wakawa 16, kura zikagawanyika 8 kwa 8? Hapo mwenyekiti ana kura ya uamuzi, inayovunja sare. Bunge la Kenya lina njia tofauti: kwa kifungu cha 122 cha Katiba ya 2010, anayeongoza kikao hana kura, na kura zikilingana hoja imeanguka.

Kura hiyo ya uamuzi isimpe mtu picha kwamba mwenyekiti ndiye mwenye uamuzi. Kazi yake ni utaratibu: nani aseme, nani akae, hoja gani iko mezani, na kumtoa nje anayevuruga kikao. Akiona mikono inaelekea asikotaka, hana ruhusa ya kufunga kikao ili kuizima kura. Akifanya hivyo, tatizo ni lake, si la hoja.

Ushahidi wa yote haya ni muhtasari, na ndipo makosa madogo yanapogharimu. Katibu akinakili majina 17 kutoka kwenye daftari na kuandika "wajumbe waliafiki", mtu akihoji baadaye hakuna kinachoonyesha kwamba saa ya kura walikuwamo 15. Muhtasari mzuri unaandika saa ambayo mjumbe alitoka na aliporudi, maneno kamili ya hoja baada ya marekebisho, mtoa hoja na aliyeunga mkono, na kura za kila upande. Katika mkutano unaofuata unathibitishwa kabla ya yatokanayo, yaani mambo yanayofuatiliwa kutoka kikao kilichopita. Hapo kinachojadiliwa ni usahihi wake tu: diwani aliyeshindwa anaweza kusema "niliandikwa ndiyo, nilisema hapana", lakini hawezi kuufufua mjadala wa mnada. Sahihisho linaandikwa kwenye nakala, mwenyekiti anasaini, na kuanzia hapo kura zile 8 zina karatasi ya kusimamia.