Kubadili makadirio si kubadili sera ya uhasibu

Maelezo ya taarifa za fedha ni zile kurasa nyingi zinazofuata baada ya mizania, taarifa ya mapato na mtiririko wa fedha. Ni sehemu ya hesabu zenyewe, na maoni ya mkaguzi huyahusu pia, kwa hiyo si sahihi kuyaita viambatisho. Humo kampuni hutaja sera zake za uhasibu, yaani kanuni ilizochagua za kupima na kuonyesha mali, madeni na mapato.

Linalonikera ni kauli inayorudi kila hesabu za mwaka zinapotoka: "Wamebadili sera ya uchakavu, ndiyo maana faida imepanda." Uchakavu ni sehemu ya gharama ya mali inayokatwa kwenye faida kila mwaka. Mara nyingi hakuna sera iliyoguswa. Kuamua kama bidhaa za ghalani zithaminiwe kwa bei ya wastani au kwa utaratibu wa iliyotangulia kuingia hutangulia kutoka, hiyo ni sera. Kukisia basi litadumu miaka mingapi ni makadirio.

Kiwango cha kimataifa IAS 8 hutenganisha mambo haya kwa sababu nzito. Kampuni ikibadili sera kwa hiari yake, kwa kawaida hurudi nyuma na kurekebisha takwimu za mwaka uliopita, ili miaka ilinganishike. Ikibadili makadirio, ya nyuma hayaguswi. Athari huanzia pale kwenda mbele. Na pakiwa na shaka ni lipi kati ya hayo mawili, kiwango husema yahesabiwe kuwa makadirio.

Tuchukue mfano wa kampuni yenye mabasi 10, kila moja limenunuliwa kwa shilingi milioni 240 na kukadiriwa kudumu miaka 6 bila thamani ya mwisho. Uchakavu ni milioni 400 kwa mwaka. Baada ya miaka 2, kila basi limebaki na thamani ya milioni 160 vitabuni. Uongozi sasa unasema yatatembea miaka 8 zaidi, si 4. Uchakavu unashuka hadi milioni 200, na faida kabla ya kodi inapanda kwa milioni 200 bila abiria hata mmoja kuongezeka. Safu ya mwaka jana inabaki na milioni 400 zake, hivyo inaonekana kama biashara imekua.

IAS 8 hudai kampuni itaje badiliko hilo na kiasi cha athari yake. Usipoiona sentensi hiyo, fungua jedwali la mali za kudumu, ugawe uchakavu wa mwaka kwa gharama ya mabasi. Hapa utaona asilimia 16.7 ikishuka hadi 8.3. Kisha tazama mauzo ya mabasi ya zamani: yakiuzwa kila mwaka chini ya thamani yake vitabuni, huenda umri uliokadiriwa ni mrefu mno.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, hapa tuseme "wamerefusha umri wa mabasi". Sera yao ya uchakavu ni ileile.