Kufunga tawi: bodi ikishaamua, je unaweka provisheni?

Swali hili hunijia kila mwaka vitabu vikikaribia kufungwa, na mara nyingi linakuja limeshakosewa: mtu ananionyesha miniti za bodi za Disemba, anasema bosi mbona uamuzi umeshapita, si tuweke gharama zote mwaka huu tumalizane? Hapana. IAS 37, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu provisheni, yaani deni ambalo kiasi au muda wa kulilipa bado haujajulikana kwa uhakika, inakataa hilo waziwazi, uamuzi wa bodi peke yake haumfungi mtu, maana bodi hiyohiyo inaweza kukaa tena wiki ijayo ikaghairi na hakuna hata mmoja nje ya kile chumba atakayejua.

Nikupe kesi niliyokagua mwenyewe, jina la kampuni naliacha. Ni wauzaji wa vifaa vya ujenzi, mwaka wao unaisha 31 Disemba. Tarehe 14 Disemba 2023 bodi ikapitisha kufunga tawi la Tanga ifikapo mwisho wa Machi, mpango uko kamili kabisa: tawi lipi, wafanyakazi wangapi na wa kazi gani watalipwa waondoke, gharama kiasi gani, lini inaanza. Karatasi nzuri. Ila wafanyakazi wa Tanga walikuja kuambiwa tarehe 11 Januari 2024, na kabla ya hapo hakuna kitu kilichokuwa kimeguswa, hata rafu moja haijang'olewa.

Basi provisheni ya 2023 ni sifuri. Mpango wa kina ni nusu tu ya sharti, nusu ya pili ni kwamba mpaka siku ya kufunga hesabu wale watakaoguswa wawe wameshapata sababu ya kweli ya kuamini kwamba jambo hili litafanyika, ama kwa sababu umeshaanza kutekeleza (unauza mashine za tawi, unabomoa) ama umewatangazia mambo makuu ya mpango. Wangeitwa kikao tarehe 20 Disemba wakaelezwa tawi linafungwa Machi na kila mtu atalipwa nini, provisheni ingeingia 2023. Tofauti ni wiki tatu tu lakini ni mwaka mwingine wa hesabu.

Na tangazo nalo litazame vizuri. Hapa Tanzania sheria ya ajira ya 2004 inamtaka mwajiri atoe notisi ya kusudio la kupunguza wafanyakazi na ashauriane nao, sasa barua inayosema tunafikiria kupunguza, tukae tujadili, kwa maoni yangu haitoshi peke yake, kwa sababu bado mlango wa kubadilisha uko wazi. Vilevile ukitangaza leo kwamba utafunga baada ya miaka miwili hivi, nani atakuamini kwamba mpango hautabadilika? Utekelezaji lazima uanze mapema na usivutwe mno.

Sasa kiasi. Mhasibu wao alikuja na milioni 100 na nilipozichambua zilikuwa hivi: kiinua mgongo cha wanaoondoka 48, faini ya kuvunja mkataba wa ulinzi 6, kuwahamishia Dar na kuwafundisha wanaobaki 22, matangazo ya kuwaelekeza wateja tawi jingine 14, hasara ya tawi ya Januari mpaka Machi 40, halafu akatoa faida ya 30 anayotegemea kupata akiuza stoo. Inayokubalika ni 48 na 6 tu, jumla 54, kwa sababu hizo ndo zinazosababishwa moja kwa moja na kufunga na hazihusiani na biashara inayoendelea. Kuhamisha watu na kutangaza ni gharama za biashara ya kesho, zisubiri kesho. Hasara ijayo haiwekewi provisheni, na faida ya stoo haipunguzi kitu mpaka stoo iuzwe kweli. Mishahara ya wale wanaofanya kazi mpaka Machi nayo haimo, ni malipo ya kazi watakayoifanya. Kiinua mgongo chenyewe kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, na kanuni ya kukiingiza vitabuni iko IAS 19, kiwango cha mafao ya wafanyakazi, ila haiwezi kuchelewa kupita siku provisheni ya kufunga tawi inapoingia.

Pango la jengo usiliongeze tena hapa, deni lake limeshakaa kwenye vitabu kwa IFRS 16, kiwango cha mikataba ya kukodi, unachofanya ni kuangalia kama ile haki ya kutumia jengo imeshuka thamani.

Kwa ile kampuni tulimaliza hivi: hesabu za 2023 zikabaki bila provisheni ila zikapata dokezo la tukio la baada ya tarehe ya mizania, maana tangazo lilitoka kabla hesabu hazijasainiwa na msomaji anastahili kujua tawi zima linaondoka, na zile milioni 54 zikaingia Januari 2024.